Kikao cha saa mbili, muhtasari wa maneno mangapi?

Chama chetu cha akiba na mikopo kilikutana Jumamosi. Simu niliyoiweka mezani kama katibu ilirekodi saa mbili kamili, na kufikia Jumatatu watu watatu walikuwa wamenipigia. Wa kwanza alikuwa mwanachama aliyesafiri kwenda msibani, wa pili mwenyekiti wa kamati ya mikopo, na wa tatu mjumbe wa bodi aliyekuwa anaumwa. Wote waliomba kitu kimoja: "Katibu, nitumie muhtasari." Niliandika mihtasari mitatu, na hakuna uliolingana urefu na mwenzake.

Tuanze na hesabu. Tukikadiria kwamba kikaoni husemwa maneno 100 kwa dakika, saa mbili ni maneno 12,000. Ukiyanakili yote utajaza karibu kurasa 30. Hapo makatibu wengi hupima kwa saa: kila nusu saa ukurasa mmoja, jumla kurasa nne. Kipimo hicho kinapotosha, kwa sababu muda wa mjadala si uzito wake. Jumamosi ile tulibishana kuhusu riba kwa dakika 52, lakini gawio la mwaka lilipitishwa kwa dakika nne, na ndilo kila mwanachama alilokuwa akilisubiri.

Kwa hiyo nasikiliza rekodi mara ya kwanza nikiwa na kalamu, bila kuandika muhtasari. Kila mada inapobadilika naandika saa na mstari mmoja, kisha pembeni naweka alama: huu ni uamuzi, hili ni jukumu la mtu fulani, hii ni hoja, hii ni taarifa tu. Safari hii nilipata mistari 14. Ndipo ninapojiuliza: huyu msomaji akishamaliza kusoma, atafanya nini? Mstari usiomsaidia kufanya jambo hilo naufuta. Inayobaki ndiyo inayoniambia urefu.

Mwanachama wa msibani anatakiwa kujua kilichobadilika kwake, na anasoma kwenye simu akiwa ndani ya basi. Mistari minne ilibaki, nikamtumia hivi:

"Kuanzia 1 Julai riba ya mikopo mipya ni asilimia 1 kwa mwezi. Mikopo ya zamani inaendelea kwa asilimia 1.5 hadi iishe. Kila mkopaji sasa anahitaji wadhamini wawili. Gawio litaingia kwenye akaunti kabla ya 30 Juni. Mwenye swali amwone mhasibu."

Kamati ya mikopo ndiyo itakayotekeleza, kwa hiyo maneno hayo hayaitoshi. Aliyeomba mkopo Juni na kuidhinishiwa Julai atatozwa riba ipi? Kikao kilijibu kwamba inayohesabiwa ni tarehe ya kuidhinishwa. Nani atarekebisha fomu ya wadhamini, na lini? Majibu ya aina hiyo yalijaza ukurasa mmoja, maneno kama 350. Sikuwaandikia nani alibishana na nani, maana hilo halitabadilisha kazi yao.

Mjumbe wa bodi ana kazi nyingine: ataulizwa na wanachama kwa nini chama kimekubali kupunguza mapato yake. Yeye anahitaji hoja za pande zote mbili, makadirio aliyoyatoa mhasibu na idadi ya kura. Zilifika kurasa tatu. Kando ya kila hoja niliandika saa yake kwenye rekodi, kwa mfano 0:47:10, ili akitilia shaka maneno yangu asikilize mwenyewe. Alama hiyo iliniwezesha kufupisha bila kumficha kitu.

Ufupi una mpaka wake, na mpaka huo niliujua kwa kuumia. Katika chama nilichokitumikia zamani, niliwahi kuwaandikia wanachama kwamba riba imepunguzwa, nikaacha maneno mawili: "mikopo mipya". Mwisho wa mwezi watu wenye madeni ya zamani walileta marejesho pungufu, na mama mmoja akahesabiwa faini kwa kosa langu. Tangu siku hiyo natoa mifano, salamu na marudio, lakini sharti la uamuzi siligusi: nani anahusika, kuanzia lini, kwa kiasi gani, isipokuwa nani.

Kabla ya kutuma, humpa muhtasari mtu ambaye hakuwepo kikaoni, nikamwuliza kesho atafanya nini. Akikosea au akiniuliza swali, kuna sharti nimelikata. Akijibu sawasawa huku ameruka aya nzima, aya hiyo haikuwa ya msomaji huyo. Ule ujumbe wa msibani nilimsomea mke wangu, ambaye ana mkopo wa mwaka jana. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi mimi naendelea kulipa ileile." Nikautuma.