Fomula ya Mvua Inapohama Ubaoni

Kipima mvua kimesoma sifuri. Kijibonde chenye hekta 240 za mashamba ni kikavu, jua limewaka tangu asubuhi. Lakini laha ya hesabu kwenye kompyuta inasema kwamba siku hiyo maji ya mita za ujazo 7,620 yametiririka kuelekea kwenye kalavati. Aliyeitengeneza laha hiyo alinakili fomula sawasawa na ilivyokuwa ubaoni, alama kwa alama, na tatizo limeanzia hapo hapo.

Fomula yenyewe ni maarufu katika mihadhara ya haidrolojia. Ilitengenezwa na idara ya hifadhi ya udongo ya Wizara ya Kilimo ya Marekani katika miaka ya 1950, na mpaka leo inafundishwa karibu kila mahali kwa sababu inahitaji mambo machache tu: mvua iliyonyesha na namba moja inayoeleza ardhi. Namba hiyo huandikwa CN. Lami hupewa 98, kwa kuwa karibu maji yote huteleza juu yake. Shamba la mazao ya mistari kwenye udongo unaonyonya maji kwa wastani hupata kati ya 78 na 81. Kadiri namba inavyopungua, ndivyo ardhi inavyomeza maji mengi zaidi.

Ubaoni mhadhiri huandika hivi:

```
S  = 25400/CN - 254
Ia = 0.2 * S
Q  = (P - Ia)^2 / (P - Ia + S)
```

P ni mvua, Q ni kina cha maji yatakayotiririka juu ya ardhi, na S ni kiasi ambacho ardhi inaweza kuendelea kukizuia baada ya mtiririko kuanza. Ia ni maji ya mwanzo, yale yanayolowesha majani, kujaza vishimo na kupotelea udongoni kabla tone la kwanza halijaanza kukimbia. Vyote vinne hupimwa kwa milimita.

Tuchukue CN ya 80. S inakuwa milimita 63.5, na Ia ni milimita 12.7. Mvua ya milimita 60 inatoa Q ya milimita 20.2, yaani theluthi moja ya mvua imekimbia na iliyobaki imemezwa. Hilo linaingia akilini.

Sasa weka P ya sifuri. Sifuri ukitoa 12.7 unapata hasi 12.7, lakini hasi ikizidishwa kwa yenyewe inageuka chanya. Ukigawanya kwa 50.8 unabaki na milimita 3.2 za mtiririko ambao haukuwapo. Mvua ya milimita 4 nayo, ambayo kijijini haitoshi hata kutuliza vumbi, inapewa mtiririko wa milimita 1.4. Darasani mhadhiri alisema kwa mdomo kwamba fomula inaanza kutumika mvua inapozidi Ia, na kwamba chini ya hapo Q ni sifuri. Sharti hilo lilisemwa bila kuandikwa, na kompyuta haikuwapo darasani. Hii ndiyo kazi halisi ya kugeuza mhadhara kuwa laha: kuyaandika yale yaliyosemwa pembeni ya fomula.

Laha nzuri huanza na sehemu ya maingizo, juu kabisa, iliyopakwa rangi moja ili mtu ajue kwamba hapo tu ndipo anaporuhusiwa kuandika. Tuseme seli ya B2 ni ya CN, B3 ni ya ule uwiano wa 0.2, B4 ni ya ukubwa wa eneo, na B5 ni ya kipimo cha eneo hilo. Namba ya 0.2 inastahili seli yake kwa sababu ni dhana, na wapo watafiti wanaotumia 0.05 badala yake. Pembeni yake, hata hivyo, liandikwe onyo: majedwali ya CN ya vitabuni yaliandaliwa kwa 0.2, kwa hiyo anayebadilisha uwiano bila kubadilisha CN anachanganya mizani mbili.

Seli ya B5 ndiyo inayopuuzwa mara nyingi, na huponza wengi. Afisa wa kilimo anazungumza hekta, ramani inazungumza kilomita za mraba. Akiandika 240 mahali panaposubiri kilomita za mraba, jibu linakuwa kubwa mara mia moja. Laha isikubali namba tupu. Mtu achague kipimo, kisha B9 igeuze kila kitu kuwa mita za mraba:

```
=IF(B5="km2",B4*1000000,IF(B5="ha",B4*10000,NA()))
```

Kipimo kisichojulikana kinatoa `#N/A`, na kila seli inayolitegemea eneo hilo inafuata mkondo huo huo. Wapo wanaochukizwa na laha iliyojaa alama hiyo. Afadhali hivyo kuliko namba nadhifu isiyo na msingi.

Ukaguzi wa vipimo una kanuni moja nyepesi inayoweza kutumiwa na mtu yeyote: vitu vinavyojumlishwa au kutolewa lazima viwe vya kipimo kimoja. Ndani ya mabano kuna P na Ia, na chini ya mstari kuna P, Ia na S. Zote zikiwa milimita, juu kuna milimita za mraba, chini kuna milimita, na jibu ni milimita. Ila kitabu cha Kimarekani kikiandika fomula ya S kitaandika `1000/CN - 10`, kwa sababu huko wanapima kwa inchi. Zile 25400 na 254 zetu ni namba hizo hizo zilizozidishwa kwa 25.4, idadi ya milimita katika inchi moja.

Anayechukua S kutoka kitabu kimoja na P kutoka kituo cha hali ya hewa anapata S ya 2.5 badala ya 63.5. Mvua ile ile ya milimita 60 sasa inatoa mtiririko wa milimita 57.1. Kosa hili ni la hatari kwa sababu haliruki machoni. Jibu bado ni dogo kuliko mvua, kwa hiyo ukaguzi wa kawaida wa kwamba Q isizidi P unalipitisha. Mtu anaweza hata kujieleza kwamba udongo ulikuwa umeshiba.

Dawa yake ni kuijaribu fomula kwa CN ambayo jibu lake linajulikana. Wengi hukimbilia 100, ambayo S yake ni sifuri. Lakini ni sifuri kwa inchi na ni sifuri kwa milimita, kwa hiyo jaribio hilo halioni kitu. CN ya 50 ndiyo inayofaa: kwa milimita S inakuwa 254 kamili, kwa inchi ni 10. Hapo hakuna pa kujificha. Seli moja pembeni iwekewe jaribio hilo, liwe linaonekana muda wote.

Baada ya hapo inakuja safu ya mvua, kuanzia B13 kwenda chini. S iko B7 na Ia iko B8, na sharti la mhadhiri sasa lina mahali pake:

```
=IF(NOT(ISNUMBER(B13)),NA(),
 IF(B13<0,NA(),
 IF(B13<=$B$8,0,
 (B13-$B$8)^2/(B13-$B$8+$B$7))))
```

Sehemu mbili za kwanza zinahusu rekodi zenyewe. Siku ambayo msomaji wa kipima mvua alikuwa mgonjwa, daftari huwa tupu, na data nyingi za vituo huweka -99.9 mahali pa siku iliyokosekana. Fomula tupu ya ubaoni ikikutana na -99.9 inatoa mtiririko wa hasi 258. Ukiweka sharti la Ia peke yake, mambo yanakuwa mabaya zaidi kimyakimya: hasi 99.9 ni ndogo kuliko 12.7, kwa hiyo laha inajibu sifuri, na siku isiyojulikana inahesabiwa kuwa siku kavu. Huenda ndiyo siku iliyonyesha kuliko zote.

Kwa hiyo data za mfano zinazowekwa kwenye laha hazipaswi kuokotwa ovyo. Kila mstari uwe na kazi. Mistari minane inatosha: 0, 4, 12.7, 30, 30, nafasi tupu, 60 na -99.9. Mitatu ya kwanza lazima itoe sifuri, ule wa 12.7 ukiwa umesimama mpakani kabisa. Kila 30 inatoa milimita 3.7. Nafasi tupu na -99.9 zinatoa `#N/A`. Ile 60 inatoa 20.2, na kwa hekta 240 hiyo ni mita za ujazo zipatazo 48,500. Hesabu ya kalamu inalithibitisha hilo: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na hekta 240 ni mita za mraba milioni 2.4. Juu ya data hizo iandikwe kwa herufi kubwa kwamba ni za mfano, zisije zikachukuliwa kuwa rekodi za kituo.

Kwa upande wa namba kubwa, kuna mpaka unaojulikana. Mvua kubwa kuliko zote iliyowahi kupimwa duniani kwa saa 24 ilinyesha Foc-Foc, kisiwani Réunion, mwezi Januari 1966: milimita 1,825. Kinachozidi hapo kikataliwe moja kwa moja. Lakini 60 iliyoandikwa 600 kwa nukta iliyopotea ingepita, kwa hiyo panahitajika pia onyo la chini zaidi, tuseme milimita 150, lisilokataa bali linalomtaka mtu arudi kwenye daftari.

Kwa nini 30 imewekwa mara mbili? Kwa sababu kipima mvua husomwa saa tatu asubuhi. Mvua iliyoanza alfajiri ikaendelea mpaka saa sita mchana inakatwa katikati na kuandikwa kama siku mbili. Jumla ni milimita 60 zile zile, ila sasa laha inatoa milimita 3.7 na 3.7, yaani 7.4, badala ya 20.2. Maji ya Ia yametolewa mara mbili kwa mvua moja. Hakuna kipimo kilichokosewa wala seli iliyoharibika. Ni kwamba P ya fomula ni mvua ya tukio moja, na P ya daftari ni mvua ya saa 24. Laha inaweza kusaidia kwa kuweka safu ya namba ya tukio, ambamo mtu anaunganisha siku zilizofuatana kabla ya kukokotoa, lakini uamuzi wa kuziunganisha unabaki kwa anayejua mvua ilinyesha saa ngapi.

Na kama kweli zilikuwa mvua mbili, ya pili imeikuta ardhi ikiwa imelowa. CN ya 80 ni ya hali ya wastani. Kwa udongo uliokwisha shiba vitabu huipandisha hadi karibu 90. Kwa 90, milimita 30 za siku ya pili zinatoa mtiririko wa milimita 11.3, mara tatu ya zile 3.7. Ndiyo maana karibu na safu ya mvua inafaa kuwepo safu nyingine inayojumlisha mvua ya siku tano zilizotangulia, na CN ya kila mstari ichaguliwe kwa kuitazama hiyo, badala ya kuishika 80 ya B2 kuanzia mwanzo wa masika hadi mwisho wake.