Neno Linaloanguka Mwishoni mwa Kichwa cha Habari

Kichwa hiki nimekitunga kwa ajili ya makala haya, ila mtu anayesoma magazeti yetu mtandaoni ataitambua aina yake mara moja: “Maji ya ndimu na tangawizi kutibu malaria kwa siku mbili: Wataalamu wakanusha”. Ukikisoma chote hakina tatizo. Kuna madai yamezagaa mitaani, wataalamu wameyakataa, na anayetaka undani atafungua habari.

Sasa mpe kichwa hicho mtu aliyeshika simu, anayetafuta Google dawa ya malaria kwa sababu mtoto ana homa. Kwenye orodha ya matokeo ya simu, kichwa kwa kawaida hupata mistari miwili, na kinachozidi hukatwa na kuwekewa nukta tatu. Kwa hesabu nitakayoieleza hivi punde, mtu huyo anabaki na hiki:

“Maji ya ndimu na tangawizi kutibu malaria kwa siku mbili: Wataalamu…”

Limeanguka neno moja tu, nalo ndilo lililobeba habari yenyewe. Tena neno lililosalia linaongeza madhara. Magazeti ya Kiswahili yana desturi ya kuweka msemaji baada ya nukta mbili, kwa hiyo msomaji anaona kama wataalamu ndio waliosema kwamba maji ya ndimu yanatibu. Mwandishi aliandika kanusho. Simu imeonyesha uthibitisho.

Wahariri wengi wa tovuti wamefundishwa kujikinga na jambo hili kwa kuhesabu herufi. Kanuni wanayopewa ni kwamba kichwa kisizidi herufi 60, nafasi kati ya maneno zikiwemo. Google yenyewe haijaweka ukomo huo. Mwongozo wake kwa wenye tovuti unasema hakuna urefu uliowekwa kwa kichwa kinachoandikwa ndani ya `<title>`, ila kinapoonyeshwa hukatwa inapohitajika, mara nyingi ili kitoshe upana wa kifaa. Kinachopimwa basi ni upana, na upana hupimwa kwa pikseli.

Kanuni ya herufi 60 ni makadirio yaliyozoeleka kwenye kompyuta. Huko kichwa hukaa kwenye mstari mmoja wenye upana wa takriban pikseli 600, kwa fonti ya Arial ya ukubwa wa pikseli 20. Gawanya 600 kwa 60, utaona kwamba kanuni hiyo inachukulia kila herufi ina upana wa pikseli 10. Herufi haziko hivyo. Kwenye Arial ya ukubwa huo, “i” na “l” huchukua pikseli 4 na kidogo kila moja, “a” huchukua 11, “w” huchukua 14, na “m” hufika karibu 17.

Chukua majina mawili ya mahali, Kilifi na Mwanza. Yote yana herufi sita, na mhariri anayehesabu herufi atasema yako sawa. Ukiyapima, Kilifi ina pikseli kama 37 na Mwanza ina 74. Jina moja ni pana mara mbili ya jingine. Ukiandika MWANZA kwa herufi kubwa tupu, unafika 89. Neno “Matokeo” nalo hutoka 77 hadi 100 likiandikwa MATOKEO, yaani unalipia karibu theluthi moja zaidi bila kuongeza hata herufi moja. Tovuti nyingi za habari za Afrika Mashariki hupenda vichwa vya herufi kubwa ili vionekane. Kwenye matokeo ya utafutaji, vichwa hivyo ndivyo vinavyotangulia kukatwa.

Tuje kwenye simu, ambako hesabu inabadilika kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Simu ya Android ya kawaida, hata ikiwa kioo chake kina pikseli halisi 720 au 1080 kwa upana, kivinjari chake mara nyingi huipangia ukurasa kama wenye upana wa 360. Toa pambizo ya 16 kila upande, unabaki na 328 kwa kila mstari. Mistari miwili inakupa 656, zaidi ya zile 600 za kompyuta, na ndiyo maana mtu husikia kwamba simu inaonyesha kichwa kirefu kuliko kompyuta. Ni kweli, lakini si mara zote, kwa sababu neno halikatwi katikati ili kujaza mstari. Likikosa nafasi, linashuka zima na kuacha pengo nyuma yake.

Turudi kwenye ndimu na tangawizi. Maneno “Maji ya ndimu na tangawizi kutibu” yanachukua pikseli 299. Zimebaki 29, na neno “malaria” linahitaji 66, kwa hiyo linashuka na zile 29 zinapotea. Mstari wa pili unaanza na “malaria kwa siku mbili:” ambayo ni 200, kisha “Wataalamu” inaufikisha 307. “Wakanusha” inahitaji 101, na zilizobaki ni 21 tu. Nukta tatu zinachukua 20. Zinaingia kwa shida, na mlango unafungwa hapo.

Kichwa hichohicho kwenye kompyuta kinakatwa kwingine. Mpaka “mbili:” ni pikseli 505, na ukiongeza “Wataalamu” unafika 611, umeshapita 600. Msomaji wa kompyuta anaona “…kutibu malaria kwa siku mbili:…” bila wataalamu wala kanusho. Halafu kuna msomaji wa tatu, ambaye wahariri humsahau: yule mwenye macho yaliyochoka, aliyeongeza ukubwa wa maandishi kwenye kivinjari chake. Herufi zikiongezeka kwa sehemu moja tu ya tano, “kutibu” inashuka mstari wa pili na kichwa kinaishia kwenye “malaria kwa siku…”. Habari ni moja na wasomaji ni watatu. Kila mmoja ameona maneno yake, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba madai yamekanushwa.

Vipimo hivi nimevifanya kwa Arial. Kwenye Android kuna fonti nyingine, kwenye iPhone nyingine, na Google hubadilisha mpangilio wa ukurasa wake inapotaka, kwa hiyo neno litakaloanguka linaweza kuwa la kabla au la baada ya hilo nililolionyesha. Lisilobadilika ni upande unaokatwa: ni mwisho. Na mwisho wa kichwa cha Kiswahili una uzito wa pekee, kwa kuwa sisi hutaja kitu kwanza na kukipambanua baadaye. Tunasema matokeo, kisha ya mtihani gani, kisha ya mkoa gani, kisha ya mwaka gani. Kile kinachotofautisha ukurasa mmoja na mwingine kinakaa palepale mkasi unapopita.

Mfano uko wazi kila matokeo ya shule yanapotoka. Andika “Matokeo ya Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi Mkoa wa Mwanza 2025”. Mstari wa kwanza unaishia kwenye “Kumaliza”, wa pili unafika “Mwanza” ukiwa na 306, na mwaka hauna pa kukaa. Mzazi anaona kurasa mbili, ya mwaka huu na ya mwaka jana, zenye kichwa kilekile kabisa. Anafungua ya mwaka jana, anatafuta jina la mwanawe, halioni, anaingiwa na hofu. Kwa mkoa wa Dar es Salaam ni vibaya zaidi, maana hata jina la mkoa linakatika kwenye “Dar es…”. Lakini wazazi wenyewe hawauiti mtihani huo kwa jina hilo refu. Wanasema darasa la saba, na ndivyo wanavyoandika wanapotafuta. “Matokeo ya Darasa la Saba 2025” inaenea kwenye mstari wa kwanza pamoja na mwaka wake, na “Mkoa wa Mwanza” unakaa kwenye wa pili bila kubanwa.

Kanusho nalo linatengenezeka kwa njia hiyohiyo, na lugha yetu inatusaidia, kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili hubeba ukanushi mwanzoni mwake. “Si kweli: maji ya ndimu na tangawizi hayatibu malaria” ina pikseli 471 kwa jumla. Inatosha kwenye kompyuta na kwenye simu, na hata ikikatwa popote pale, hukumu imeshasomwa. Pia sioni sababu ya kubandika jina la gazeti mwishoni mwa kila kichwa. Tangu mwaka 2022 Google huonyesha jina la tovuti peke yake juu ya kichwa kwenye simu, kwa hiyo kulirudia ni kutumia nafasi ambayo neno muhimu lingeihitaji.

Mwenye tovuti asiyetaka kukisia anaweza kupima mwenyewe. Afungue kivinjari kwenye kompyuta yenye fonti ya Arial, aingie sehemu ya amri za wasanidi, aandike:

```js
const c = document.createElement("canvas").getContext("2d");
c.font = "20px Arial";
c.measureText("Mwanza").width;
```

Atapata kama 74. Kisha aweke kichwa chake kizima, na baada ya hapo akitafute kwenye simu ya bei nafuu na kukisoma kilivyo. Akikuta maneno ambayo hakuyaandika, asishangae: tangu Agosti 2021 Google imekuwa ikitumia zaidi maandishi mengine ya ukurasa, hasa kichwa kikuu kinachoonekana ndani yake, pale inapoona kile cha `<title>` hakifai, kwa mfano kikiwa kirefu mno. Kwa hiyo kichwa cha ndani nacho kianze na jambo lenyewe. Kichwa kilichoandikwa upya mara nyingine hakina nukta tatu, na msomaji hana namna ya kujua kwamba kuna kitu kimeachwa.

Wahariri wa habari za afya, nawaomba jambo moja. Neno “si kweli”, “wakanusha” au “uzushi” lisikae tena mwishoni mwa kichwa. Lianze, kisha madai yafuate. Nawe unayetafuta dawa ya mtoto wako usiku, ukiona nukta tatu mwishoni mwa kichwa, hujasoma habari bado. Fungua uisome kabla ya kukamua ndimu, na mtoto mwenye homa apelekwe akapimwe malaria.