Mndimu wa Debeni Unapogeuka Manjano

Mndimu uliopandwa katika debe unapotoa majani machanga ya rangi ya manjano hafifu, na mishipa yake ikabaki ya kijani kama wavu mwembamba uliochorwa juu ya karatasi, mwenyewe aghalabu hufanya moja katika mambo mawili. Ama huumwagia maji zaidi, akidhani kuwa una kiu, ama huutilia majivu ya jikoni, akidhani kuwa una njaa. Hapa pwani mambo yote mawili huuzidishia mti maradhi, na yafaa tueleze sababu yake.

Kwanza hapana budi kutazama ni majani gani yaliyogeuka rangi. Kama ni yale ya zamani, yaliyo chini, na jani zima limefifia, mti unataka naitrojeni, yaani chakula kile kilichomo katika samadi. Lakini kama majani ya chini ni ya kijani kizuri, na yale ya ncha ndiyo yaliyopauka katikati ya mishipa, basi mti umekosa madini ya chuma. Tofauti hii ina maana yake. Naitrojeni huweza kuondoka katika jani kuukuu na kwenda kulisha jani changa, lakini chuma kikiisha kukaa katika jani hakihami kwa urahisi. Kwa hiyo jani jipya hutegemea chuma kinachoingia mizizini siku zile zile, nalo ndilo la kwanza kuonyesha upungufu. Bila chuma mti hauwezi kutengeneza ile rangi ya kijani ambayo kwayo hujipikia chakula kwa nuru ya jua.

Hapo mtu atasema, "Basi tuutilie chuma." Lakini udongo karibu wote una chuma cha kutosha na kupita kiasi. Taabu ni kwamba kimefungwa. Udongo ukiwa na uchachu kidogo, chuma huyeyuka na mizizi hukinywa. Ukiwa na chokaa nyingi, chuma hugeuka kutu isiyoyeyuka, na mti huona njaa huku umesimama ndani ya ghala. Ndiyo sababu kufukia misumari yenye kutu katika chungu hakusaidii. Huko ni kuongeza kutu juu ya kutu.

Chokaa hiyo hutoka wapi? Sehemu kubwa ya Mombasa na mwambao wake imekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa tupu. Maji ya visima hupita katika mawe hayo na kuyayeyusha kidogo kidogo. Mtu achotaye maji hayo kila siku akanywesha mti wa debeni hutia chokaa kidogo kila mara, na kwa kuwa debe halina pa kuipeleka, hubaki mle mle. Mti wa shambani huweza kupeleka mizizi mbali, lakini wa debeni umefungwa pamoja na chokaa yake. Mchanga wa ufuoni huwa na vipande vya matumbawe na kombe, na majivu nayo huondoa uchachu wa udongo, kwa hiyo vyote viwili huongeza taabu ile ile.

Natoa mfano wa mzee mmoja wa Kisauni. Mndimu wake, wa miaka minne katika debe la lita 20, ulikuwa umepauka ncha zote, na majani mapya kabisa yalikaribia kuwa meupe. Hakukimbilia dawa. Alianza kwa kuchunguza matundu chini ya debe, kwa kuwa mizizi iliyokaa katika maji hukosa hewa, ikashindwa kunywa chuma hata kikiwapo. Matundu mawili yalikuwa yamezibwa na matope, naye akayazibua. Alipochimba kidogo pembeni aliona mizizi myeupe isiyonuka, akajua kuwa haijaoza.

Kisha alichukua udongo mkavu kidogo katika kisahani, akaudondoshea siki. Ukatoa mapovu na kuchemka kwa sauti ndogo, na hiyo ni alama ya chokaa. Ndani ya birika lake la chai kulikuwa na ukoko mweupe mgumu, na maji ya kulijazia yalitoka katika kisima kile kile cha kunyweshea mti.

Jaribio la mwisho lilikuwa juu ya jani lenyewe. Aliyeyusha kijiko kimoja cha chai cha salfeti ya chuma katika lita moja ya maji ya mvua, akapaka nusu ya jani moja changa kwa pamba, wakati wa jioni. Baada ya siku kumi ile nusu iliyopakwa ilikuwa na madoa ya kijani, na nusu ya pili ilikuwa manjano vile vile. Sasa alikuwa na hakika. Lakini si vema kuumwagia mti mzima maji hayo kwa kuwa jaribio limefaulu, maana huweza kuunguza majani machanga. Na yakimwagwa katika udongo wenye chokaa, chuma chake hufungwa upesi kama kile cha kwanza.

Dawa ifaayo kwa udongo wa namna hiyo ni chuma kilichoshikwa na kitu kingine, hata chokaa isiweze kukifunga. Zipo aina kadhaa, na mnunuzi asome herufi zilizopigwa juu ya paketi. Fe-EDTA hufaa katika udongo wenye uchachu tu. Kipimo cha pH kikipita kama 6.5 huachilia chuma chake. Fe-DTPA huvumilia mpaka kama 7.5. Udongo wenye matumbawe hukaribia 8, na hapo Fe-EDDHA ndiyo inayostahimili. Ni unga wa rangi nyekundu iliyokoza, nao hutia madoa katika sakafu na nguo. Mzee yule aliyeyusha gramu 2, yapata nusu kijiko cha chai, katika lita 2 za maji, kwa kuufuata mwongozo wa paketi, akaumwagia udongo uliokwisha kuloweshwa kidogo. Baada ya majuma matatu chipukizi zilizofuata zilitoka za kijani. Majani yaliyokuwa yamekaribia weupe hayakupona kabisa, na baadhi yao yalianguka. Kwa hiyo dawa hupimwa kwa majani yanayozaliwa baadaye, si kwa yale yaliyokwisha ugua.

Hata hivyo dawa hiyo haiondoi chokaa. Miezi michache ikipita, na maji ya kisima yakiendelea, manjano hurudi. Mzee yule aliweka pipa chini ya mfereji wa bati akinge maji ya mvua za masika, akayatumia kwa mndimu peke yake. Kisha aliuhamishia katika mchanganyiko mpya: sehemu mbili za udongo mwekundu usiotoa mapovu kwa siki, sehemu moja ya majani yaliyooza vizuri, na sehemu moja ya mchanga wa mto. Majivu alipeleka kwenye mchicha wake, mbali na debe.

Mwenye gadenia katika chungu na afuate njia hiyo hiyo, ila asikawie, kwa kuwa ua hilo hupenda uchachu kuliko mndimu. Nayo aangalie pia chungu chenyewe: kikiwa cha saruji mpya, hutoa chokaa hata maji yakiwa ya mvua.