Cheo Kipya, Wino Uleule

Afisa mauzo amepandishwa cheo, na wiki hiyohiyo amebadilisha laini. Kadi mpya bado ziko foleni kiwandani. Kwa sasa anataka picha ya kadi yake ya zamani, ile anayowatumia wateja kwa WhatsApp, isomeke "Meneja Mauzo" badala ya "Afisa Mauzo", na namba iliyokuwa ikiishia 318 604 iishie 806 485. Wengi hufuta maandishi ya zamani, huchapa mapya juu yake na kuiona kazi imekwisha. Hata asiyejua kompyuta atagundua: maneno mapya yanaelea juu ya kadi kama stika.

Yanaelea kwa sababu ni safi mno. Wino wa kiwandani hunyonywa na karatasi, kwa hiyo ukingo wa herufi hauwi mstari ulionyooka. Hupanda na kushuka kufuata nyuzi za karatasi. Kama kadi ilitoka kwenye printa ya leza, vumbi jepesi la tona huzagaa kando ya herufi. Weusi wenyewe pia si weusi kamili. Pima wino mweusi uliopita kwenye skana, mara nyingi utakuta kijivu cha 40 au 50, wakati weusi wa kompyuta ni 0.

Basi wino bora wa kuandikia namba mpya ni ule uliokwisha kuwa kwenye kadi. Skani kadi kwa 600 dpi na uihifadhi kama PNG au TIFF. JPEG hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kuacha ukungu wa madoa kuzunguka kila herufi, na ukungu huo huwezi kuuiga vizuri kwa mkono.

Fungua picha katika GIMP, na kabla ya kufuta chochote, nakili tarakimu moja moja. Kati ya zile tunazozihitaji, 8, 0, 6 na 4 tayari zimo katika namba ya zamani. Namba mpya ina 8 mbili, na hapa ndipo watu hunaswa: zote mbili zikitoka kwenye 8 moja, kitundu kidogo cha wino kitajirudia mahali palepale. Igeuze nakala moja juu chini kama fonti inaruhusu, au ziba kitundu kimoja. Tano haimo. Iko kwenye sanduku la posta chini ya kadi, lakini kwa herufi ndogo, na ukiikuza, punje zake nazo zitakua. Hiyo itabidi uichape.

Sasa futa namba ya zamani kwa `Clone`, ukichota karatasi jirani kabisa. Ukichota mbali, mwanga hautalingana na kiraka kitaonekana.

Cheo ni kigumu zaidi, maana "Mauzo" inabaki na "Meneja" lazima ichapwe pembeni yake. Nenda kinyume kidogo: chapa kwanza "Mauzo", iweke juu ya "Mauzo" halisi, ubadilishe fonti na ukubwa mpaka zifunikane. Hapo ndipo uandike "Meneja". Kama mstari umewekwa katikati, sogeza na "Mauzo" kulia kidogo, kwani neno jipya ni refu zaidi.

Maandishi hayo, pamoja na ile 5, yape rangi iliyochotwa kwenye wino wa kadi kwa wastani wa pikseli kadhaa. Pikseli moja hudanganya. Chakaza kingo kwa `Spread` ya pikseli 1 au 2, tia chenga kidogo, kisha lainisha kwa `Gaussian Blur` ya chini ya pikseli 1. Mpangilio huu una maana: chenga zikija baada ya kulainisha, zitabaki kali kuliko chenga za skana. Mwisho weka tabaka kwenye `Multiply`, punje za karatasi zipenye kwenye wino.

Kagua kwa 400%, halafu pandisha utofauti wa mwanga kupita kiasi kwa `Levels`. Viraka vilivyojificha hujitokeza hapo. Vikionekana, rudi kwenye `Clone`.

Haya yote ni kwa kadi yako, au ya mwenye kadi aliyekutuma. Kujipa cheo ambacho hukupewa ni kughushi.

Ukimaliza, tuma picha kama dokumenti, vinginevyo WhatsApp itaibana upya. Ila usiipeleke kiwandani ikachapwe. Picha na rangi za kadi ya ofseti ni vidoto vidogo vya wino. Vikichapwa tena juu ya vidoto vipya huzua mawimbi yanayoonekana kwa macho. Kwa uchapaji, mwombe fundi faili la awali la kadi, abadilishe humo.