Aya, Nukta, Kichwa cha Habari: Kinachodondoka Njiani (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza kwa nini watafiti huandika aya nzito, kila sentensi ikiegemea iliyotangulia. Leo tuifuate aya moja inavyopita mikononi mwa wafupishaji: kwanza igeuzwe orodha ya nukta, kisha kichwa cha habari. Nimechagua matokeo ya majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, yaliyochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet. Majaribio yalifanyika katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na baadhi ya vituo hivyo ni vya kwetu: Bagamoyo na Korogwe upande wa Tanzania; Kilifi, Siaya na Kombewa upande wa Kenya.

Nikiyakusanya matokeo makuu kwa maneno yangu, aya inakuwa hivi:

"Kwa watoto walioanza kuchanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, wakapata dozi 3 za mwanzo na ya 4 miezi 20 baada ya ile ya kwanza, matukio ya kuugua malaria katika muda wa miaka 4 hivi yalipungua kwa asilimia 36, yakilinganishwa na ya watoto waliopewa chanjo nyingine isiyo ya malaria; kwa wasiopata dozi ya 4 yalipungua kwa asilimia 28. Malaria kali nayo ilipungua kwa asilimia 32, lakini kwa wale tu waliopata dozi ya 4, kwani wasioipata hawakuwa na nafuu ya maana kuliko wasiochanjwa. Kinga ilikuwa kubwa zaidi mwanzoni, ikafifia kadiri muda ulivyokwenda. Visa vya homa ya uti wa mgongo vilikuwa vichache, ila vilitokea zaidi kwa waliochanjwa, na haikuweza kujulikana kama chanzo ni chanjo au ni sadfa tu."

Ni aya ya kuchosha, sikatai. Mtu mwenye haraka ataifupisha, na aghalabu atatoka na orodha kama hii:

• Chanjo hutolewa kwa dozi 4.
• Hupunguza malaria kwa asilimia 36.
• Hupunguza malaria kali kwa asilimia 32.
• Kinga hupungua baada ya muda.
• Madhara: homa ya uti wa mgongo.

Nukta nne za mwanzo hazina uongo. Mhakiki akizisoma mojamoja ataziwekea alama ya vema zote. Kilichoondoka ni viungo vilivyokuwa kati yake: "lakini kwa wale tu", "kwani", "yakilinganishwa na". Katika aya, dozi ya 4 ndiyo sharti la kupungua kwa malaria kali. Katika orodha, dozi 4 ni taarifa ya ratiba iliyowekwa juu, na asilimia 32 ni taarifa ya mafanikio iliyowekwa chini, wala hakuna kinachomwambia msomaji kwamba ya pili haipo bila ya kwanza.

Hasara hiyo ina uzito wake kliniki. Dozi ya 4 humkuta mtoto ameshavuka miaka 2, na chanjo ya pili ya surua, ile ya miezi 18, imeshapita. Ndicho kipindi ambacho mama wengi huwa wameacha kuhesabu tarehe za kadi. Aliyesoma orodha atajiambia kwamba mwanawe amepata dozi 3 kati ya 4, basi amekingwa robo tatu. Hesabu hiyo haimo kabisa ndani ya aya. Kwa malaria ya kawaida, mtoto wake alibaki na sehemu kubwa ya kinga, asilimia 28 badala ya 36. Kwa malaria kali, ile inayoua, nafuu iliyopimwa ilikuwa karibu na sifuri.

Nukta ya pili nayo imepoteza kitu ambacho ni vigumu kukiona, kwa sababu namba imebaki palepale. Aya inasema matukio ya kuugua yamepungua kwa asilimia 36. Nukta ikisema "malaria" tu, wengi husoma kwamba watoto 36 kati ya 100 wamekingwa na 64 wameachwa wazi. Lakini katika maeneo yenye mbu wengi mtoto haugui mara moja. Huugua, akapona, akaugua tena. Ndiyo maana watafiti walikadiria kwamba kwa kila watoto 1,000 waliopata dozi zote 4, matukio 1,774 yalizuiwa katika muda wa ufuatiliaji. Matukio yaliyozuiwa ni mengi kuliko watoto wenyewe! Anayedhani asilimia 36 ni idadi ya watoto hawezi kuielewa namba hiyo, na atahisi kuna aliyekosea kujumlisha.

Ya tano ndiyo mbaya kuliko zote. Hapo ufupisho haukupunguza maana, umeigeuza. Aya ilisema jambo limeonekana na sababu yake haijulikani. Orodha haina nafasi ya "haijulikani", kwa hiyo ikabidi lihesabiwe kuwa madhara au lifutwe. Mfupishaji wetu, kwa nia njema ya kutoficha kitu, amelifanya madhara.

Sasa orodha ifike kwa mhariri anayetunga vichwa. Yeye ana nafasi ya maneno kumi hivi, naye hufanya kazi ya aina nyingine: hafupishi orodha, huchagua nukta moja na kuziacha nyingine. Akichukua ya pili, gazeti litaandika: "Chanjo ya malaria yapunguza ugonjwa kwa theluthi". Akichukua ya tano: "Chanjo ya malaria yahusishwa na homa ya uti wa mgongo". Vichwa viwili vinavyogombana, na vyote vina mizizi katika aya ileile. Umri wa watoto, muda wa miaka 4 na kundi la kulinganishia vilishatoweka tangu kwenye nukta. Mhariri hulaumiwa sana kwa haya, nadhani kupita kiasi. Alipoletewa orodha, sharti la dozi ya 4 lilikuwa limeshapotea.

Yaliyofuata yanaonyesha nani angeumia zaidi. Chanjo ilianza kutolewa kwa majaribio mapana mwaka 2019 nchini Malawi, Ghana na Kenya, na suala la uti wa mgongo likafuatiliwa kwa makusudi. Uhusiano haukuonekana, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo itumike. Aliyekuwa amesoma aya hakuwa na la kufuta kichwani. Aliambiwa haijulikani, kisha ikajulikana. Aliyesoma kichwa cha pili ilibidi aaminishwe upya, na kazi hiyo huwaangukia wauguzi.

Kuna namna ya kuikagua orodha kabla haijatoka mezani. Mpe mtu ambaye hajaisoma aya, umwombe aziunge nukta ziwe maelezo mfululizo kwa "kwa sababu", "lakini" na "iwapo". Kila atakapolazimika kubahatisha kiungo, hapo ndipo ulipokata mshipa. Kwa orodha yetu atakwama mara moja kati ya nukta ya kwanza na ya tatu. Dawa ni kulirudisha sharti ndani ya nukta yenye namba: "Malaria kali ilipungua kwa asilimia 32 kwa waliopata dozi ya 4; kwa wasioipata, nafuu haikuonekana." Imerefuka, na acha irefuke. Ya tano iandikwe: "Visa vichache vya homa ya uti wa mgongo vinachunguzwa, sababu haijajulikana."

Na kichwa? Mimi ningeandika: "Chanjo ya malaria yasaidia watoto, dozi ya nne ni lazima". Asilimia imeachwa nje kwa makusudi. Namba iliyokatwa sharti lake humpotosha mama mwenye kadi mkononi kuliko kutokuwa na namba kabisa.

Wiki ijayo tutaigeuza aya hiihii kuwa jedwali. Msomaji mwenye orodha ya ofisini kwake ambayo imewahi kuzua mgogoro na ailete, pamoja na aya iliyoizaa.