Raundi ya sita na bado huna jibu? Hivi ndivyo unavyoweza kumsoma mwajiri

UMEITWA mahojiano mara ya nne, umefanya mtihani ukiwa nyumbani, na sasa ni wiki ya tatu simu haijalia. Wengi katika hali hii hujiuliza swali moja tu: nilikosea wapi? Kuna swali jingine linaloweza kukufaa zaidi: hawa watu huamua mambo vipi?

Kukuajiri ni uamuzi kama mwingine wowote unaofanyika ndani ya kampuni. Watakaoidhinisha likizo yako, bajeti ya kazi yako na nyongeza yako ya mshahara ni walewale wanaohangaika sasa kuamua kama watakuchukua. Namna wanavyokushughulikia ukiwa nje ni dirisha la kuchungulia ndani, na ni heri uchungulie mapema.

Tuseme umeomba kazi ya kusimamia mitandao ya kijamii ya kampuni fulani ya mauzo pale Westlands. Raundi ya kwanza ni simu ya dakika 20 kutoka idara ya wafanyakazi. Wiki moja baadaye unakaa saa nzima na meneja wa mauzo. Hadi hapo mambo fiti. Kisha unaambiwa uandae machapisho 30, yaani ya mwezi mzima, kuhusu bidhaa wanayopanga kuzindua. Una siku tatu. Unakesha, bando inaisha, unatuma.

Raundi ya nne ni watu watano kwenye Zoom. Wawili hawajafungua wasifukazi wako na wanakuuliza yaleyale uliyomjibu meneja. Kimya cha wiki tatu kinafuata. Halafu unaitwa na mkuu wa fedha. Halafu unaambiwa mkurugenzi amesafiri. Akirudi anakuuliza kama unaweza pia kuzunguka madukani ukiuza, jambo ambalo tangazo la kazi halikutaja. Ukihesabu, ni raundi sita na wiki 11.

Sasa soma ulichoona. Mkuu wa fedha kuingia raundi ya tano ni dalili kwamba huenda pesa za mshahara wako hazikuwa zimeidhinishwa kazi ilipotangazwa. Kampuni yenye mpangilio hutanguliza karatasi kabla ya tangazo: nafasi ni hii, mshahara hauzidi hapa, bosi wake ni huyu, na aliye na mamlaka ameshatia sahihi. Pasipo karatasi hiyo, wewe ndiye unayengoja wakati wakubwa wanabishana kuhusu doo.

Na mkurugenzi? Swali lake linaonyesha kwamba yeye na meneja hawajaafikiana kazi yenyewe ni ipi. Ukiajiriwa hivyo, kuna hatari kila mmoja akupime kwa mizani yake: huyu anadai wafuasi mtandaoni, yule anauliza umeuza katoni ngapi.

Wale watano wa Zoom wanakuambia jambo jingine. Mahali ambapo kila mtu anaweza kusema la na hakuna mwenye mamlaka ya kusema ndiyo, dawa ya wasiwasi huwa kuongeza mkutano mmoja zaidi. Google yenyewe, iliyojulikana zamani kwa kuwahoji watu mara nyingi kupindukia, ilichunguza rekodi zake na kugundua kwamba mahojiano manne yalitosha kuwapa uhakika wa asilimia 86 kuhusu nani wa kuajiri. Kila mahojiano baada ya hapo yaliongeza kama asilimia moja tu. Kwa hivyo raundi ya sita mara nyingi haiwaongezei habari kukuhusu. Inampa mtu fulani ujasiri wa kutia sahihi.

Kuhusu mtihani, usikasirike mapema. Kumpa mtu kipande cha kazi akifanye ni njia ya haki kuliko kumpima kwa mdomo wake. Tazama ukubwa wake. Mtihani wa kweli huchukua saa moja au mbili, hutumia bidhaa ya zamani au ya kubuni, na baadaye mtu hukaa nawe kuuzungumzia. Machapisho 30 ya bidhaa inayozinduliwa mwezi ujao ni kazi ya mwezi mmoja bila malipo. Unaweza kuwajibu kwa upole: “Nitawaandalia matatu, yatawaonyesha mtindo wangu, na mengine tutayafanya pamoja nikishajiunga nanyi.” Mwenye nia njema hukubali. Akinuna, umejua alichokuwa akitafuta.

Lakini mchakato mrefu peke yake si kosa. Tume ya Utumishi wa Umma hutangaza nafasi, huchuja maombi, huchapisha majina ya walioteuliwa kuhojiwa kwenye tovuti yake, ndipo ihoji. Hilo huchukua muda kwa sababu kanuni zinadai hivyo. Benki nazo huchunguza historia yako kabla ya kukukabidhi pesa za watu. Tofauti ni kwamba huko hatua zinajulikana tangu mwanzo. Kinachopaswa kukushtua ni raundi inayozuka tu, na tarehe uliyopewa kupita bila hata ujumbe wa mstari mmoja. (Na usidhani haraka ndiyo uungwana. Anayekuajiri kwa simu ya dakika tano huenda anajaza pengo lisilokaa mtu.)

Huhitaji kungoja wiki 11 ili ugundue haya. Mwisho wa mahojiano ya kwanza, ukiulizwa kama una swali, uliza: “Baada ya leo zimebaki hatua ngapi, na nani ana neno la mwisho?” Sikiliza namna jibu linavyokuja. “Mbili, na meneja ndiye anayeamua” ni jibu la watu wanaojua wanachofanya. “Tutakujulisha,” ikifuatwa na kutazamana, ni jibu pia. Ongeza: “Nafasi hii ni mpya, au kuna aliyeondoka?” Ukisikia watatu wamepita hapo ndani ya mwaka mmoja, huyo wa nne ni wewe.

Angalia pia wanataka vyeti lini. Tangu Sheria ya Ajira irekebishwe mwaka wa 2022, mwajiri hafai kukudai vyeti vya kuthibitisha huna deni wala doa, kama vile vya KRA, HELB au EACC, isipokuwa ananuia kuingia nawe mkataba wa maandishi. Anayevidai kwa kila anayetuma maombi amekutwika gharama kabla hata hajasoma jina lako, na sheria hakuiuliza.

Basi tuseme ofa imekuja hatimaye, na kodi ya nyumba inakungoja. Wengi wataichukua, na sioni aibu yoyote hapo. Ila ichukue ukijua unakoenda. Usiache kibarua ulicho nacho kabla mkataba haujatiwa sahihi, kwa sababu waliochelewesha kila kitu wanaweza kuuchelewesha na huo. Hakikisha umeandikwa kazi ni ipi, ili ile habari ya kuzunguka madukani isirudi kimyakimya mwezi wa pili. Soma kifungu cha muda wa majaribio: kisheria hauzidi miezi sita, na kuurefusha kwa hadi miezi sita mingine kunahitaji ukubali. Watu waliohitaji raundi sita kukuchagua wanaweza kukuomba muda zaidi ili waamue kama walikuchagua vizuri.

Na yale maombi mengine uliyotuma kwingine, yaache yaendelee hadi mshahara wa kwanza uingie kwenye akaunti.