Ukurasa wa Pili wa Mkataba wa Fremu

Fundi cherehani anataka kupanga fremu Dar es Salaam. Usiku dalali anamtumia kwa simu picha ya ukurasa wa pili wa mkataba, asaini kesho asubuhi. Fundi huyu ni wa mfano tu, ila vifungu vya namna hii si vigeni kwa wapangaji.

Kwanza ikaguliwe picha yenyewe. Pembe zote nne zionekane. Sentensi ya juu ikianzia katikati, mwanzo wake umebaki ukurasa uliotangulia, na huenda huko ndiko liliko neno "isipokuwa". Tarakimu nazo zikuzwe: 3 iliyoangukiwa na kivuli cha kidole hufanana na 8, na notisi ya siku 30 haifanani hata kidogo na ya siku 80.

Kisha orodha. Kila penye "atalipa", "atakarabati" au "hataruhusiwa" pana wajibu, nao unaandikiwa mstari wake: nani, afanye nini, lini, na asipofanya itakuwaje. "Anaweza" si wajibu bali hiari, na mara nyingi (ajabu!) hiari hiyo ni ya mwenye fremu.

Kifungu cha 4 cha fundi wetu kinasema: "Mpangaji atalipa kodi ya miezi 6, sh. 2,400,000, ndani ya siku 7. Akichelewa atatozwa asilimia 2 kwa siku." Kinasomeka vizuri mpaka mtu ajaribu kukijaza kwenye orodha. Siku 7 tangu lini: tangu kusaini, au tangu kukabidhiwa ufunguo? Na asilimia 2 ya nini? Ikiwa ni ya deni lote, ni sh. 48,000 kwa siku. Ikiwa ni ya kodi ya mwezi mmoja, ni sh. 8,000. Akichelewa siku 10 atadaiwa sh. 480,000, kupita kodi ya mwezi mzima, au sh. 80,000. Hapa hapakisiwi. Maneno ya mkataba yananakiliwa yalivyo na kuwekewa alama ya wakili.

Wakili ana pa kushika. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya kiasi kinachostahili, isiyozidi kiwango kilichotajwa. Kiwango hicho basi ni kikomo cha juu, na anayedai hapewi chote kwa sababu tu kimeandikwa.

Kifungu cha 9 kinauongeza mkataba mwaka mzima, mpangaji asipotoa notisi ya maandishi siku 90 kabla haujaisha. Unaisha 31 Desemba, kwa hiyo orodha iandike tarehe kamili: 2 Oktoba. Je, notisi iwe imetumwa siku hiyo, au imepokelewa? Alama ya pili.

Kifungu cha 11 kinataka matengenezo yafanywe "kama ilivyo katika Jedwali B". Jedwali hilo halimo kwenye picha. Mstari wake unabaki mtupu, na dalali anaombwa picha nyingine kabla hakujakucha.